Slaidi moja, rangi tatu: mfano wa Kituku

Wandugu, mradi wetu ulikuwa kuweka klorini ndani ya bidoni za watu wanaochota maji ya ziwa hapa Kituku. Slaidi yangu ya kwanza ilikuwa na mistari 14, yote kijani, kwa vile wafanyakazi walifika kila asubuhi. Shefu akauliza: "Sasa mimi nifanye nini?" Nikanyamaza.

Nikaanza upya na mistari minne tu: kazi, ubora wa maji, muda, pesa. Mipaka niliiandika kabla ya kupaka rangi. Kwa ubora, tunapima bidoni 20, dakika 30 kisha kuweka klorini. Zikiwa 19 au 20 zenye angalau miligramu 0.5 kwa lita, ni kijani. 16 mpaka 18, njano. Chini ya hapo, nyekundu. Wiki ile zilikuwa 15. Kumbe mradi ulikuwa tikiti maji: kijani nje, nyekundu ndani.

Pembeni ya rangi niliandika neno lenyewe, NYEKUNDU, kwani kuna wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na printa yetu inatoa nyeusi tu. Chini, sentensi moja: "Klorini imepoteza nguvu juani, tunaomba ruhusa ya kununua mpya leo."

Shefu akasoma, akasaini palepale.