Ukikosa Huu, Niletee Upi?

Mtu anayekukusanyia vitu katika duka kubwa la Nairobi hakujui. Ana orodha yako kwenye simu, pengine na za wateja wengine, na anapita kati ya rafu akishindana na saa. Akifika penye unga wa ngano akute rafu tupu, atafanya kile ulichomruhusu ulipoagiza. Wengi wetu hatukumbuki tuliruhusu nini.

Programu nyingi za kuagizia hukupa njia tatu: ubadilishiwe na kitu kinachokaribiana, upigiwe simu kwanza, au usibadilishiwe na pesa zirudi. Ya simu inaonekana ya busara kuliko zote, na ndiyo huwaangusha watu. Simu inaingia kwa namba ngeni ukiwa kwenye matatu, huipokei, na mfanyakazi hawezi kukungoja mbele ya rafu. Ama anakiondoa kitu, ama anaamua mwenyewe. Isitoshe, simu hiyo haiji saa ya kuletewa mzigo. Huja wakati wa kukusanya, ambao waweza kuwa saa moja au zaidi kabla.

Kwa hiyo ni afadhali uamue kitu kimoja kimoja. Tuseme nyumba moja ya Buruburu inaagiza unga wa mahindi, unga wa ngano wa chapati, mafuta ya lita 3, kuku wa barafu, trei ya mayai na kopo la maziwa ya mtoto wa miezi minne. Unga wa mahindi na mafuta havina shida: chapa nyingine ya ujazo uleule inatosha. Lakini andika ujazo, la sivyo lita 3 zikikosekana utaletewa 5 na bei yake. Unga wa ngano una mtego. Ule wa kupikia keki umeshachanganywa na bekingi pauda, na kwa jicho la mtu mwenye haraka pakiti zinafanana. Chapati zake hufura na kukatika. Katika sehemu ya maelezo andika: "Unga wa chapati tu, chapa yoyote, si wa keki."

Maziwa ya mtoto yafungie kabisa kubadilishwa. Kopo la namba 1 ni la tangu kuzaliwa hadi miezi sita, namba 2 ni la baada ya hapo, na mfumo unaotafuta "kinachokaribiana" huona chapa ileile na rangi ileile. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba yenye mtu ambaye karanga humdhuru: kwake hakuna kinachokaribiana.

Saa ya kuletewa nayo huamua utabadilishiwa mara ngapi. Jioni, hasa mwisho wa mwezi mishahara ikishatoka, mkate na mboga huwa zimeshachaguliwa na waliofika dukani kwa miguu, hata kama programu bado inaonyesha vipo. Asubuhi rafu zimejazwa upya na barabara nyingi ni nyepesi kuliko saa kumi na moja jioni. Ukichagua kati ya saa tatu na saa tano, hakikisha kuna mtu mzima nyumbani kwa muda wote huo. Askari wa getini si mahali pa kuachia kuku wa barafu.

Mzigo ukifika, anza na vya baridi. Kuku awe mgumu kama jiwe. Akibonyea, ameanza kuyeyuka. Donge la barafu yenye maji mekundu chini ya mfuko huashiria kwamba aliyeyuka akagandishwa tena, na huyo mrudishe. Kisha fungua trei ya mayai, soma namba ya kopo la mtoto na tarehe ya mwisho ya kutumika, ndipo ulinganishe risiti na oda. Kuku huuzwa kwa uzito, hivyo bei ya mwanzo ni makisio. Uliyekadiriwa kilo 1.3 kwa shilingi 600 kila kilo ni 780. Akija wa kilo 1.1 ni 660, na shilingi 120 ni zako. Kama ulilipa kwa M-Pesa mapema, angalia zimerudi kwenye simu au zimewekwa kama salio ndani ya programu.

Kama huduma yako hutumia namba ya siri ya kuthibitisha kwamba umepokea, usimtajie mwendesha bodaboda kabla hujatazama mifuko. Ana oda nyingine, atakuhimiza. Mwambie kwa upole, "Nipe dakika mbili, ndugu yangu." Ukiona kasoro baada ya yeye kuondoka, piga picha ya kitu pamoja na risiti, lalamika siku hiyohiyo ndani ya programu, na usikipike wala kukitupa mpaka ujibiwe.