Kutoka Orodha hadi Kazi: Mpango Mfupi wa Idara



Wazazi wengi waliopata kukaa katika mikutano ya kijiji wanaujua utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Idara za shule nazo zina utaratibu unaofanana na huo. Karatasi hugawanywa mafungu manne: nguvu, udhaifu, fursa na vikwazo, kisha walimu wakajaza kila fungu. Kujaza si kazi ngumu. Ugumu huja baadaye, wakati orodha inapotakiwa kuwa kazi. Nataka kueleza jinsi tulivyofanya hivyo mwaka 2023, kabla sijahamia Gwarama, nilipokuwa mkuu wa Idara ya Sayansi katika shule nyingine ya mkoa huu wa Kigoma.

Mwezi Januari tulikutana, tukaandika mambo 23, tukabandika karatasi ukutani. Ilipofika Juni hapakuwa na hata jambo moja lililokwisha kutendeka. Wakati huo wanafunzi 48 wa Kidato cha Nne walikuwa wamebakiza miezi mitano tu kufanya mtihani wa taifa, na wengi wao hawajapata kushika bureti kwa mikono yao. Katika chumba cha mtihani wa vitendo kila mtahiniwa hufanya kazi peke yake. Asiyepata kuifungua koki ya bureti kabla ya siku ile hujifunza hapo hapo, saa ikiendelea kwenda.

Tuliitelemsha karatasi ile, tukaisoma upya. Tuligundua kosa la kwanza: maneno yetu yalikuwa mapana mno. Chini ya udhaifu tuliandika, “Vitendo havifanyiki vya kutosha.” Neno la namna hiyo hakuna awezaye kuamka asubuhi akalifanya. Basi tukauliza kwa nini havifanyiki. Mwalimu mmoja akasema hatuna dawa. Tukafungua kabati, dawa zilikuwamo. Tukauliza tena, ndipo sababu mbili zikajitokeza. Katika bureti zetu 12, 7 zilikuwa zinavuja kwenye koki. Tena, vipindi vya Kemia vilitawanywa kimoja kimoja, na dakika 40 hazitoshi kupanga vyombo, kufanya jaribio na kuosha. Fedha haikuwa tatizo letu la kwanza, ingawa tangu Januari tulikuwa tukiilalamikia.

Baada ya kuipata sababu, tuliyavusha mafungu. Mwaka 1982 mtaalamu mmoja, Heinz Weihrich, alieleza namna ya kuyaoanisha mafungu manne ili yatoe mikakati. Sisi tuliamua kwamba kila udhaifu au kikwazo kiwekwe mbele ya nguvu au fursa inayoweza kukiondoa. Nguvu yetu ilikuwa msimamizi wa maabara, mtu mwenye mikono hodari ya kutengeneza vyombo. Huyo tukamweka mbele ya bureti zinazovuja. Fursa yetu ilikuwa ratiba mpya ya muhula wa pili, ambayo mwalimu wa taaluma alikuwa bado anaipanga. Hiyo tukaiweka mbele ya vipindi vilivyotawanyika. Upungufu wa jengo tuliutoa katika mpango, tukamwandikia mkuu wa shule barua, kwa kuwa idara haiwezi kujenga jengo. Kazi isiyo katika uwezo wa idara ikiingia katika mpango wake, huukalia mpango wote.

Mpango wetu ukawa na mistari mitatu tu:

(1) Bureti zote zikaguliwe na kutengenezwa. Mhusika: msimamizi wa maabara. Mwisho: Ijumaa, 21 Julai. Ushahidi: bureti ijazwe maji hadi alama ya sifuri, iachwe dakika 10, na maji yasishuke.

(2) Kidato cha Nne kipate vipindi viwili mfululizo vya Kemia kila wiki. Mhusika: mkuu wa idara. Mwisho: Ijumaa, 14 Julai. Ushahidi: ratiba mpya ukutani.

(3) Kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne afanye titresheni mara tatu kwa mkono wake. Mhusika: mwalimu wa Kemia. Mwisho: Ijumaa, 29 Septemba. Ushahidi: sahihi tatu mbele ya kila jina katika daftari la maabara.

Tazameni kwamba kila mstari una mhusika mmoja. Hapo kwanza tuliandika “walimu wote”, na kila mwalimu akadhani mwenzake ameshaanza. Tena, mhusika si lazima awe mwenye mamlaka. Mwenye ratiba ni mwalimu wa taaluma, lakini mstari wa pili ulikuwa wangu, maana ni mimi niliyetakiwa kwenda kwake na kurudi na jibu. Anayeianzisha kazi na kuifuata ndiye mhusika. Mwenye idhini huombwa.

Tarehe nazo hatukuzikisia, tulizipigia hesabu. Katika vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, zamu mbili za wanafunzi zaweza kufanya kazi. Kwa bureti 5 zilizokuwa nzima, wanafunzi 10 tu wangefanya kwa wiki. Kwa wanafunzi 48, duru moja ingechukua wiki 5, na duru tatu wiki 15. Tukianza 24 Julai tungemaliza mwanzoni mwa Novemba, mwezi wenyewe wa mtihani! Kwa bureti 12, wanafunzi 24 hufanya kwa wiki. Duru tatu huchukua wiki 6. Hapo tukaona kwa nini mstari wa kwanza sharti utangulie wa tatu. Kikwazo cha maji ya kiangazi nacho tulikitia ndani ya mstari wa tatu: pipa la maabara lijazwe siku moja kabla ya jaribio.

Mambo hayakwenda yote kama tulivyoandika. Katika zile bureti 7, 4 zilipona na 3 zilikuwa zimepasuka, hazikufaa tena. Tukabaki na 9. Msimamizi alisema hivyo siku ya tarehe yake, wala hakungoja kuulizwa. Tukapiga hesabu upya: wanafunzi 18 kwa wiki, duru moja wiki 3, duru tatu wiki 9. Ukiongeza wiki ya likizo fupi ya Septemba, tulifika 29 Septemba barabara, bila siku ya akiba. Bila tarehe katika mstari wa kwanza, habari hiyo tungeipata Septemba, na tusingekuwa na la kufanya.

Kila Ijumaa tulikaa dakika 10, tukauliza swali moja kwa kila mstari: ushahidi upo au haupo? Jibu la “tunaendelea vizuri” halikukubaliwa. Tarehe ikisogezwa, sababu iliandikwa pembeni. Mstari ukisogezwa mara mbili, hiyo ni dalili kwamba kazi ni kubwa mno, au mhusika siye.

Tarehe 29 Septemba daftari lilionyesha wanafunzi 44 wenye sahihi tatu. Wanne walikuwa na mbili, kwa kuwa waliugua siku za zamu zao. Hao mwalimu wa Kemia aliwaita wiki iliyofuata, nao wakamaliza. Yale mambo mengine ya Januari yalibaki katika karatasi, nasi hatukuona aibu. Tulipoufunga mpango, tulirudi kwenye orodha na kuchagua matatu mengine.