Kufundisha Wenzo wa Gharama kwa Hesabu za Kiwanda Kidogo cha Chaki

Mwalimu akiwauliza wanafunzi, "Mauzo ya kiwanda yakipungua kwa asilimia 10, faida itapungua kwa kiasi gani?", wengi hujibu upesi kuwa ni asilimia 10. Jibu hilo si sahihi. Wanasahau kwamba ziko gharama ambazo hazipungui hata kama mauzo yakipungua. Makala haya yaeleza jinsi ya kulisahihisha kosa hilo kwa kutumia daftari la gharama na hesabu za kawaida za kugawanya.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo kinachotengeneza chaki kwa jasi na kuziuza kwa shilingi 1,000 kila boksi. Mwezi shule zilipokuwa wazi kilitengeneza na kuuza maboksi 2,000, na gharama zote zilikuwa shilingi 1,800,000. Mwezi wa likizo kiliuza maboksi 1,200 tu, kwa gharama ya shilingi 1,320,000.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha gharama. Maboksi yalipungua kwa 800, na gharama kwa shilingi 480,000. Kwa hiyo kila boksi huleta gharama ya shilingi 600: jasi, karatasi ya boksi, na ujira unaolipwa kwa boksi. Hizi ndizo gharama zinazobadilika. Kwa maboksi 2,000 zinafikia shilingi 1,200,000. Shilingi 600,000 zinazobaki ni gharama za kudumu, yaani kodi ya nyumba, mshahara wa mlinzi na uchakavu wa kalibu. Hapa mwalimu hana budi kuonya: ihesabiwe jasi iliyotumika mwezi huo, wala si iliyonunuliwa. Mwenye kiwanda akinunua jasi ya miezi mitatu kwa mara moja na kuiandika yote katika mwezi mmoja, mkokotoo wote utapotoka.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali pasipo faida wala hasara. Kila boksi likitoa shilingi 600 za gharama yake, huchangia shilingi 400 katika kulipa gharama za kudumu. Gawanya 600,000 kwa 400, upate maboksi 1,500. Mwezi wa maboksi 2,000, kiwanda kilikuwa na maboksi 500 juu ya kiwango hicho, sawa na asilimia 25 ya mauzo. Huo ndio ukingo wa usalama: mauzo yanaweza kupungua kwa asilimia 25 kabla ya hasara kuanza. Mwezi wa likizo yalipungua kwa asilimia 40, ndiyo maana kiwanda kilipata hasara ya shilingi 120,000.

Hatua ya tatu ni wenzo. Katika masomo ya sayansi mwanafunzi amejifunza kuwa wenzo hugeuza msukumo mdogo kuwa nguvu kubwa. Gharama za kudumu hufanya kazi kama hiyo. Mchango wa maboksi 2,000 ni shilingi 800,000, na faida ni shilingi 200,000. Gawanya mchango kwa faida, upate 4. Maana yake, mauzo yakipungua kwa asilimia 10, faida hupungua kwa asilimia 40. Wanafunzi wathibitishe: maboksi 200 mara shilingi 400 ni shilingi 80,000, ambazo ni asilimia 40 ya 200,000. Mauzo yakiongezeka, faida nayo huongezeka kwa kipimo hicho hicho.

Sasa wapewe swali la uamuzi. Katika zile shilingi 600, shilingi 100 ni ujira wa wafungashaji. Mwenye kiwanda anafikiria kuwalipa mshahara wa jumla wa shilingi 200,000 kwa mwezi badala ya ujira huo. Kwa maboksi 2,000 faida haibadiliki hata kidogo. Lakini gharama za kudumu zimekuwa shilingi 800,000, na mchango wa boksi shilingi 500. Kiwango cha kutopata hasara kimepanda hadi maboksi 1,600, ukingo wa usalama umeshuka hadi asilimia 20, na wenzo umekuwa 5. Mwezi wa likizo hasara itakuwa shilingi 200,000. Kwa upande mwingine, maboksi yakifika 2,400, mpango mpya utaleta faida ya shilingi 400,000, ilhali ule wa zamani ungeleta 360,000. Basi swali la kujadiliwa darasani ni hili: je, kiwanda kina akiba ya kukivusha katika miezi ya likizo?

Mwisho, wanafunzi wasiichukue namba 4 kuwa ya daima. Kwa mpango wa zamani, kiwanda kikiuza maboksi 1,600, mchango ni shilingi 640,000 na faida 40,000 tu, hivyo wenzo ni 16. Kadiri mauzo yanavyokaribia maboksi 1,500, ndivyo mabadiliko madogo yanavyoitikisa faida zaidi. Kwa hiyo mkokotoo hauna budi kurudiwa kila mauzo, bei au gharama zinapobadilika.