Kilichoachwa na Kilichobuniwa

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja haki za mtu aliyekamatwa. Si ndefu, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Hata hivyo, kinachowafikia wananchi wengi si ibara yenyewe bali muhtasari wake: kikaratasi kilichogawiwa sokoni, maelezo mafupi redioni, ujumbe unaosambazwa kwenye simu. Mtu akishikwa usiku, anachokumbuka ni muhtasari huo. Ukiwa na kasoro, atadai kisichokuwamo na ataacha kudai kilicho haki yake.

Kwa hiyo muhtasari unahitaji kukaguliwa dhidi ya chanzo chake, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Ili tuuone, nimetunga muhtasari wa mfano, wa aina tunayoisikia mara kwa mara:

*Mtu akikamatwa, polisi lazima wamweleze sababu kwa maandishi. Ana haki ya kunyamaza na ya kupiga simu moja. Lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Serikali itampa wakili. Dhamana ni haki ya kila mtu.*

Mkaguzi mzuri hauanzi muhtasari huu kwanza. Anaanza na chanzo, na anaandika hoja zake kuu kabla hajajua mwenzake aliandika nini. Ukiutanguliza muhtasari, utakuongoza macho: utarudi kwenye chanzo ukitafuta yale yale uliyokwisha kuyasoma, na yaliyoachwa yatakupita.

Katika Ibara ya 49, hoja ni hizi. Aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kunyamaza na yatakayofuata asiponyamaza. Anaweza kunyamaza. Anaweza kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anahitaji msaada wao. Asilazimishwe kukiri jambo litakalotumiwa kama ushahidi dhidi yake. Asichanganywe na wanaotumikia kifungo. Afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, bila kupita saa 24; lakini saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, basi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Huko afunguliwe mashtaka, au aelezwe kwa nini anaendelea kuzuiliwa, au aachiliwe. Apewe dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Mwisho, asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita.

Baada ya hapo tunasoma mara mbili, kila mara kwa upande wake.

Safari ya kwanza inatoka kwenye muhtasari kwenda kwenye chanzo. Tunaukata muhtasari vipande vidogo, kila kipande kikibeba dai moja, kisha tunauliza: hili limeandikwa wapi? Sentensi ya kwanza ina madai mawili. Kuelezwa sababu kumo. "Kwa maandishi" hakumo. Sentensi ya pili nayo ina mawili: kunyamaza kumo, ila "simu moja" haipo. Ibara inasema kuwasiliana, haitaji chombo wala idadi. Bila kuikata sentensi, nusu ya kweli ingeibeba nusu ya uongo, na zote mbili zingepita.

Dai la wakili wa serikali linahitaji uangalifu zaidi, maana lina chembe ya ukweli kwingine. Ibara ya 50, inayohusu kesi kuendeshwa kwa haki, inampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali iwapo bila hivyo patatokea dhuluma kubwa. Lakini hiyo ni ibara nyingine, inamhusu mtu aliyekwisha kushtakiwa, na ina sharti. Muhtasari unaosema unafupisha Ibara ya 49 hauwezi kuitegemea. Mkaguzi haulizi tu kama jambo ni kweli duniani. Anauliza kama limo kwenye chanzo hiki. Kama halimo, linaingia kwenye orodha ya yaliyobuniwa, hata kama mwandishi alilitoa mahali paaminifu.

Safari ya pili inatoka kwenye chanzo kwenda kwenye muhtasari. Sasa tunaichukua ile orodha ya hoja kuu na kuuliza kila moja: wewe umetajwa? Hapa swali linabadilika, kwa sababu muhtasari lazima uache mambo; ndiyo kazi yake. Kuachwa kunakuwa kosa pale tu ambapo msomaji, kwa kutojua jambo hilo, angeelewa vibaya au angetenda vibaya. Kama muhtasari ni wa mwendesha bodaboda anayeweza kukamatwa leo, agizo la kumtenga na wafungwa linaweza kungoja, kwa sababu ni jukumu la wanaomzuilia. Haki ya kutolazimishwa kukiri haiwezi.

Saa 24 zinaonyesha hatari ya kuacha. Nambari ni sahihi, na mkaguzi mwenye haraka ataipigia vema. Lakini mtu akikamatwa Ijumaa jioni, saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, mahakama ikiwa imefungwa. Kama Jumatatu mahakama inakaa, kikomo chake ni mwisho wa Jumatatu. Ndugu zake waliosoma muhtasari tu watadhani sheria imevunjwa tangu Jumamosi.

Dhamana ndiyo inayowasumbua wakaguzi wengi: imeachwa au imebuniwa? Yote mawili. Maneno "kila mtu" yamepanua haki kuliko chanzo, na "isipokuwa" imedondoka. Tunaliandika kosa kila upande kwa maneno yake, ili anayerekebisha ajue cha kufuta na cha kuongeza. Matokeo yanakuwa hivi:

Yaliyoachwa
- Kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa.
- Kuwasiliana na wakili na watu wengine wa kumsaidia.
- Kutolazimishwa kukiri.
- Saa 24 zikiisha mahakama imefungwa, kikomo ni mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.
- Mahakamani: mashtaka, au sababu ya kuzuiliwa, au kuachiliwa.
- Dhamana inaweza kunyimwa pakiwa na sababu nzito.
- Kutowekwa rumande kwa makosa madogo yaliyotajwa.

Yaliyobuniwa
- "Kwa maandishi".
- "Simu moja".
- "Serikali itampa wakili".
- "Kila mtu", kwa habari ya dhamana.

Orodha hizi hazichanganywi kwa sababu dawa zake ni tofauti. Kilichobuniwa hakina mjadala: kinafutwa, au kinarudishwa kwenye maneno ya chanzo. Kilichoachwa kinapimwa kwa nafasi iliyopo na kwa msomaji anayekusudiwa, na mhariri anaweza kukubali moja na kukataa jingine. Ukiviweka pamoja chini ya kichwa "makosa", mwandishi ataanza kujadiliana nawe hata juu ya uzushi. Na orodha moja ikiwa tupu, andika "hakuna". Usitafute kosa la kuijaza.

Ukaguzi huu una mpaka wake. Unaonyesha kama muhtasari umekuwa mwaminifu kwa chanzo. Hauonyeshi kama chanzo chenyewe kinafuatwa katika kituo cha polisi. Hilo linahitaji uchunguzi mwingine. Lakini anayewaandikia wananchi haki zao ana deni la kwanza kwa maandishi aliyoyafupisha. Kabla hujachapa kikaratasi kingine au kusambaza ujumbe mwingine, fungua Katiba, kata madai yako moja moja, andika orodha zote mbili, na usahihishe.