Kweli au si kweli: nguvu ya "sitamfukuza" katika Yohana 6:37

Katika makanisa ya Songo, na kwingine hapa Uvira, mstari mmoja wa Injili unaweza kupita katika lugha tatu ndani ya ibada moja. Pasta ameutayarisha kwa Kifaransa, katika Biblia ya Louis Segond. Anauhubiri kwa Kiswahili. Pembeni yake mkalimani anaugeuza kwa Kifuliiru au Kibembe, ameshika kipaza sauti chake, bila nafasi ya kufikiri mara mbili. Yohana 6:37 ni mmoja wa mistari inayoumia zaidi katika safari hiyo. Sehemu yake ya mwisho ni ahadi ya Yesu kuhusu mtu anayekuja kwake, kwamba hatamfukuza nje. Katika Kigiriki ahadi hiyo ina maneno mawili ya kukanusha yaliyosimama bega kwa bega: u na me, au οὐ μή kwa herufi zake. Kuhusu maneno hayo mawili husemwa mengi mimbarani. Baadhi ni kweli, baadhi ni nusu ya kweli, na baadhi yanampotosha msikilizaji.

"Hapana mbili zinafutana, kwa hiyo Yesu ni kama anasema atamfukuza."

Si kweli. Anayesema hivi anapima Kigiriki kwa kanuni ya Kiswahili. Kwetu ni kweli kwamba kanusho moja likiingia ndani ya jingine maana hugeuka: "hakuna asiyejua" maana yake wote wanajua. Kigiriki nacho kina mipangilio ambamo makanusho mawili hufutana, lakini mara nyingi kanusho la pili huja kulikaza la kwanza. Katika Yohana 15:5, Yesu anapowaambia wanafunzi kwamba bila yeye hawawezi kufanya lolote, Kigiriki kinasema "hamwezi" na kuongeza neno la "hakuna kitu". Hakuna msomaji wa Kigiriki aliyedhani kwamba wanaweza kufanya kitu fulani.

U me ni mpangilio wa pekee zaidi. U hukanusha jambo kama lilivyo. Ni kanusho la habari. Me hukanusha jambo la kutaka, la kudhani au la kuogopa, karibu na kazi ya -si- yetu katika "asiende". Yakiungana na kufuatwa na kitenzi cha umbo la namna ya "nifanye, aende", hayasemi tu kwamba jambo halitatokea, bali yanaondoa hata wazo kwamba lingeweza kutokea. Katika mstari wetu kitenzi ni ekbalo, na wahariri wa Agano Jipya la Kigiriki hukisoma kuwa cha umbo hilo. Tofauti kati yake na umbo la wakati ujao ni alama ya mkazo tu, na nakala za kale kabisa hazikuandika alama hizo. Haidhuru, kwa kuwa baada ya u me maumbo yote mawili yanakubalika na maana inabaki ileile.

"Kifaransa tayari kina hapana mbili, ne na pas, kwa hiyo Segond ameitunza nguvu yote."

Si kweli, na hili ndilo kosa la karibu zaidi nasi. Ne na pas ni vipande viwili vya kanusho moja. Zamani sana pas lilikuwa neno la "hatua", likaongezwa ili kukaza: siendi, hata hatua moja. Kwa karne nyingi mkazo huo ulichakaa hadi pas ikawa sehemu ya kawaida ya kukanusha, na leo mtu husema ne na pas hata anapokataa kikombe cha chai. Segond wa 1910, katika Yohana 6:37, ana kanusho hilo la kawaida bila neno la kukaza. Anayetayarisha hubiri kutoka humo peke yake ataona viungo viwili, atadhani ni vile viwili vya Kigiriki, na atapanda mimbarani na ahadi iliyopunguzwa uzito. Union Version ya Kiswahili ya 1952 imefanya vizuri zaidi hapa, kwani imeweka kamwe. Kwa mstari huu, pasta mwenye Biblia zote mbili mezani aanze na ya Kiswahili.

"Kila penye u me pana kiapo kisichoweza kuvunjika."

Nusu kweli. Mpangilio huu unapatikana zaidi ya mara 80 katika Agano Jipya, na sehemu kubwa yake ni maneno ya Yesu mwenyewe au nukuu kutoka Agano la Kale. Mtaalamu Mwingereza J. H. Moulton alilitazama jambo hili katika kitabu chake cha sarufi cha 1906. Aliona kwamba katika barua na hati za watu wa kawaida zilizofukuliwa Misri mpangilio huu ni wa nadra, na unapotumika ni mkali. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, iitwayo Septuajinti, hutumika kwa wingi, mara nyingi mahali ambapo Kiebrania kina kanusho lake la kila siku tu. Kwa hiyo penye lugha yenye sauti ya Maandiko ya kale, u me inaweza kuwa na uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mhubiri asiupige kila mstari nyundo ileile.

Tena nguvu ni ya msemaji, si ya sarufi. Katika Yohana 13:8 Petro anamkataza Yesu kumwosha miguu, na anatumia u me pamoja na maneno ya "milele". Mstari unaofuata anaomba aoshwe hata mikono na kichwa. Katika Marko 14:31 anaapa kwa u me kwamba hatamkana Bwana wake, na kabla ya mapambazuko amemkana. Mpangilio ule ulionyesha jinsi Petro alivyojifunga kwa neno lake, lakini haukumpa uwezo wa kulitimiza. Yohana 6:37 ina uhakika kwa sababu ya anayesema, na kwa sababu mistari miwili mbele, katika 6:39, anaeleza kwamba mapenzi ya aliyemtuma ni asipoteze hata mmoja. Kumwambia msikilizaji kwamba Kigiriki chenyewe ndicho dhamana ni kumpa tegemeo lisilo lake.

"Ukiongeza maneno ya kukaza, tafsiri inakuwa aminifu zaidi."

Si kweli, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo kazi yenyewe ya kutafsiri ilipo.

Chukua "sitamfukuza nje" peke yake. Maana ni sahihi, nguvu haipo. Ongeza kabisa: "sitamfukuza nje kabisa". Sasa mmoja atasikia "sitamfukuza hata kidogo", na mwingine atasikia kwamba hatafukuzwa kwa jumla, labda atasogezwa mlangoni. Neno lililotakiwa kukaza kanusho limehamia kwenye kitenzi, na ahadi imepata tundu. Kamwe haina hatari hiyo, maana siku zote huandamana na kanusho. Lakini katika mazungumzo ya mtaani si neno linalosikika sana. Mtu anayekataa kwa moyo wote husema "hata siku moja". Kwa kitabu ningeacha "sitamfukuza nje kamwe". Kwa sauti ya mimbarani ningesema "sitamfukuza nje hata siku moja". Njia nyingine ni kutanguliza kitenzi, kama tusemavyo tunapokata shauri: "kumfukuza nje, sitamfukuza". Hapo hakuna neno la kukaza lililoongezwa, na bado mkazo umo. Lakini "siwezi kumfukuza" ningeiepuka, ingawa nyumbani ina nguvu. Anayeisikia kwa mara ya kwanza anaweza kufikiri kuna aliyemzuia.

Milele inahitaji uangalifu kuliko yote. Katika Yohana 8:51 na 11:26 Kigiriki kinaunganisha u me na maneno ya "hata milele", kuhusu kifo. Ukiandika "hatakufa milele", wengine watasikia kwamba atakufa, ila si kwa milele. Je, ndivyo ilivyokusudiwa? Wapo waliojenga mafundisho juu ya usomaji huo. Lakini mtazame tena Petro na miguu yake: maneno yale ya "milele" yako pale pale, na hakuna awezaye kusema alimaanisha "unaweza kuniosha, ila usinioshe milele yote". Alimaanisha kamwe. Na wale waliobishana na Yesu katika sura ya 8 walimwelewa vivyo hivyo, ndiyo maana wakamjibu papo hapo kwamba Ibrahimu na manabii wamekufa. Basi "hatakufa kamwe" inafuata matumizi ya Kigiriki kwa karibu zaidi, na swali la ni kifo gani kinachozungumzwa liachiwe mafundisho, lisizikwe ndani ya kielezi.

Kuna pia upotevu mwingine, wa kugeuza kanusho kuwa kauli ya kukubali. Wakalimani wengi, wakitaka kurahisisha, husema "nitampokea". Ni neno zuri, lakini linahusu mlango wa kuingilia, ilhali kitenzi cha mstari huu pamoja na "nje" kinamzungumzia mtu ambaye tayari yumo ndani. Ahadi ni ya kumtunza aliyekwisha kuja. Kitenzi hicho hicho, pamoja na "nje" ile ile, kinarudi katika Yohana 9:34, pale wakuu wanapomfukuza yule aliyezaliwa kipofu na kuponywa. Anayesikia Injili nzima kwa Kigiriki huviona vitu hivi viwili kwa pamoja: wao walimfukuza nje, Yesu alisema hafukuzi. Tafsiri ikiweka kutupa katika sura ya 6 na kutoa katika sura ya 9, uhusiano huo unakatika. Ningechagua kufukuza katika mahali pote pawili. Ndilo neno la kumtendea mtu; kutupa ni kwa takataka.

"Basi, penye u me weka kamwe, umemaliza."

Si kweli. Katika Yohana 18:11 Petro amekwisha kuchomoa upanga, na Yesu anamwuliza kuhusu kikombe alichopewa na Baba. Kitenzi cha kunywa kimetanguliwa na u me. Ukiweka kamwe, Yesu anakataa kikombe. Lakini sentensi hii ni swali, na katika swali mpangilio huu hudai jibu la ndiyo, na kwa nguvu ileile ambayo kwingine hudai hapana. Hapa Kiswahili kina umbo lake tayari, halihitaji kuongezewa kitu: "Nisikinywe?" Mkalimani anachohitaji ni kulisikia swali katika sauti ya pasta na kulipokeza kama swali, kwa sababu akilishusha likawa habari, Yesu wa Gethsemane atakuwa amekataa jambo alilokubali.