Kalkuleta haijakosea, imewekwa D

Rafiki yangu wa mwaka wa kwanza chuoni alinionyesha karatasi ya CAT yake majuzi. Swali lilikuwa simpo: uzito umening'inia kwenye springi, nao unasogea kwa x = 5 sin 2t, kwa sentimita. Uko wapi sekunde 0.6 zikipita?

Akapiga sin 1.2, akazidisha kwa 5, akapata 0.10. Jibu sahihi ni 4.66. Fomula alikuwa nayo sawa, hesabu pia. Ila pale juu ya skrini kulikuwa na kaherufi D.

Hiyo D ni digrii. Kalkuleta ilidhani 1.2 ni pembe ya digrii 1.2, kitu chembamba kama uzi. Kumbe 2t ni radiani, na radiani 1.2 ni karibu digrii 69. Ndiyo maana jibu lilikonda hivyo.

Utajuaje, basi? Ukiona pembe haina alama ya °, au ina π ama t ndani yake, shuku radiani. Kwenye fx-82MS, ile wengi wetu tulitoka nayo sekondari, bonyeza MODE mara mbili mpaka uone Deg Rad Gra, kisha 2. D inageuka R. Halafu jaribu sin 30: ikikupa 0.5, bado uko kwenye digrii.

Jamaa alirudia swali hilo akiwa kwenye R. 4.66, mara moja. Alama zenyewe, lakini, zilikuwa zishaenda.