Utepe Kabla ya Dripu

Nilipoalikwa kuzungumza na wauguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya wilaya, mada niliyopewa ilikuwa umuhimu wa kupima utapiamlo mapema. Sikutaka kuwarudishia waliyoyasoma chuoni na yaliyobandikwa kwenye ukuta wa wodi yao. Nikaanza kwa kuwauliza: mtoto akifikishwa hapa saa nne usiku, anaharisha, macho yamezama, kipi kinatangulia kumfikia mkononi, utepe au dripu? Waliangaliana, wengine wakacheka chini chini.

Swali hilo si la wauguzi peke yao. Mzazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mapokezi amewahi kuomba, pengine kwa kufoka, mtoto wake awekewe "maji" haraka. Mtoto aliyekuwa na lishe nzuri kabla ya kuharisha anaweza kuokolewa na maji hayo. Mwenye utapiamlo mkali anaweza kuuawa nayo kabla hakujakucha. Kuwatofautisha kwa macho ni kazi ngumu, kwa sababu mtoto mwenye utapiamlo haletwi hospitali kwa jina hilo. Analetwa kwa homa, kikohozi au kuharisha, na utapiamlo umejikunja chini ya shuka la ugonjwa huo mwingine.

Mwaka 1996 watafiti wawili, Claire Schofield na Ann Ashworth, walikusanya taarifa za hospitali za nchi mbalimbali kuhusu watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali tangu miaka ya 1950. Waliona kwamba dawa zilikuwa zimeongezeka na ujuzi ulikuwa umepanuka, lakini katika hospitali nyingi karibu robo ya watoto hao walikuwa wakifa, kama ilivyokuwa zamani. Sehemu kubwa ya lawama waliitupia tiba yenyewe: dripu zisizohitajika, chakula kizito siku za mwanzo, dawa za kukojoza kwa mtoto aliyevimba, na madini ya chuma yaliyotolewa mapema mno.

Sababu iko ndani ya mwili. Mtoto anayekosa chakula kwa muda mrefu huanza kubana matumizi. Moyo unasukuma damu kwa nguvu ndogo, figo zinachuja taratibu, na vile vishikizo vya kwenye kuta za seli, ambavyo kazi yake ni kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, vinalegea. Sodiamu inajazana ndani ya seli na potasiamu inapotea. Ukimmiminia mtoto huyo nusu lita ya maji ya chumvi, moyo mchovu hauna pa kuyapeleka. Yanaishia kwenye mapafu.

Kwa hiyo kipimo ni lazima kitangulie, nacho hakichukui hata dakika mbili. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 unatumia utepe wa rangi. Unakunja mkono wake wa kushoto, unatafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, unaweka alama, kisha unauacha mkono uning'inie umelegea ndipo unauzungushia utepe. Ukivuta sana utepe unabonyeza nyama na unapata namba ndogo ya uongo. Ukiulegeza, kinyume chake. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni kuishia hapo. Baada ya utepe, bonyeza kwa vidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu hivi, kisha achia. Pakibaki shimo miguu yote miwili, huyo ana utapiamlo mkali hata kama utepe umeonyesha kijani na mizani imesema uzito wake ni mzuri. Mizani inapima na maji yaliyojaa mwilini. Ndiyo maana unyafuzi, au kwashakoo kama wengi wanavyouita, unawapita watu: mtoto ana mashavu, jirani anamsifu kwa unene, na hakuna aliyemvua soksi.

Tumchukue mtoto mmoja wa mfano, wa miezi 14, kilo 6. Ameharisha siku tatu na jana alitapika. Utepe unasoma 10.9, nyayo zote mbili zinabaki na shimo. Muuguzi aliye zamu afanye nini?

Kwanza, sukari. Kama kipimo cha damu kipo, chochote chini ya milimoli 3 kwa lita ni hatari. Kama hakipo, mchukulie kwamba sukari yake imeshuka. Akiwa anajitambua, mpe mililita 50 za maji ya sukari: kijiko cha chai kimoja kilichojaa sukari katika vijiko vitatu na nusu vya chakula vya maji safi. Kila wodi ina vitu hivyo, na hakuna haja ya kusubiri mtu afungue stoo. Mtoto asiyejitambua ni habari nyingine. Huyo anahitaji glukosi ya mshipani, na daktari aitwe papo hapo.

Joto linakwenda pamoja na sukari. Kipimajoto cha kwapani kikisoma chini ya nyuzi 35, mvalishe kofia, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili. Asiogeshwe usiku huo. Na asipokuwa na homa, usifurahi. Mwili wake hauna akiba ya kuwasha homa hata kama ana maambukizi makubwa, kwa hiyo mtoto wa namna hii hupewa antibayotiki bila kungoja dalili. Aliyelazwa akiwa na matatizo kama huyu kwa kawaida huanzishiwa ampisilini na jentamaisini za sindano.

Hapo dada mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtoto amekauka hivi, ngozi ukiivuta hairudi. Kweli nimwache bila dripu?"

Ndiyo, isipokuwa kama ana dalili za mshtuko: mikono ya baridi, mapigo dhaifu na ya haraka, fahamu zinapotea. Huyo atapewa dripu polepole, chini ya uangalizi wa daktari, mapigo na pumzi vikihesabiwa kila dakika kumi. Kwa wengine wote, ngozi isiyorudi na macho yaliyozama si ushahidi wa kutosha, maana mtoto aliyekonda sana huwa hivyo hata siku ambayo hajaharisha. Muulize mama: choo ni cha majimaji? Mara ngapi? Macho haya yamezama lini? Majibu yake yanazidi vidole vyako.

Mtoto wetu ameharisha kweli, basi anapewa ReSoMal kwa mdomo. Hii ni kama ORS tunayoijua, ila ina sodiamu pungufu na potasiamu zaidi. Kipimo cha kuanzia ni mililita 5 kwa kila kilo, yaani mililita 30 kwake, kila nusu saa kwa muda wa saa mbili. Hesabu mapigo na pumzi kabla ya kuanza. Mapigo yakipanda kwa 25 au zaidi na pumzi kwa 5 au zaidi katika dakika moja, maji yamezidi. Simamisha, hata kama ameharisha tena.

Baada ya hapo ni chakula, na hapa huruma huwaponza wengi. Mtoto ana njaa ya miezi, bibi ameleta uji wa maziwa na mayai, nani atamnyima? Lakini mwili uliojibana hauwezi kupokea karamu. Siku za mwanzo anapewa maziwa ya tiba yaitwayo F-75, yenye protini kidogo na kalori 75 katika mililita 100. Mtoto wetu anahitaji mililita 130 kwa kila kilo kwa siku, jumla 780. Ukizigawa kwa milo 12, kila saa mbili anapata mililita 65, kwa kikombe, na kama hawezi kunywa, kwa mrija wa puani. Mtoto aliyevimba mwili mzima hadi usoni hupewa 100 kwa kila kilo badala ya 130. Anyonyaye aendelee kunyonya.

Hesabu hiyo ina maana kwamba yuko mlo wa saa nane usiku na mlo wa saa kumi alfajiri. Ukifungua chati za wodi nyingi utakuta mistari ya mchana imejaa na ya usiku mitupu, au imejazwa yote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja saa kumi na mbili asubuhi. Wauguzi wawili kwa vitanda 30 hawawezi kulisha kila mtu, sikatai. Lakini mama anaweza kufundishwa kupima na kulisha, na muuguzi akabaki na kazi ya kuamsha na kukagua. Sukari ya mtoto huyu hushuka katika zile saa ambazo wodi imelala.

Vidonge vya madini ya chuma vinasubiri, hata viganja viwe vyeupe. Chuma kikiingia wakati maambukizi hayajadhibitiwa kinaweza kuyazidisha. Dawa ya kukojoza pia haimhusu. Uvimbe wake utaondoka seli zitakaporudi kazini.

Na uvimbe ukianza kuondoka, uzito unashuka. Mtoto aliyeingia na kilo 6 anaweza kusoma 5.6 siku ya nne, mbavu zinaonekana, na mama anaanza kufunga kanga aondoke: mtoto anakondea hospitalini! Mwambieni mapema, siku ya kwanza, kwamba atakonda kwanza na kwamba hiyo ni dalili njema.

Namna ya kumwambia ina uzito wake. Kwetu mama wa mtoto aliyedhoofu huandamwa na maneno kwamba amembemenda mtoto, kwamba yeye au mumewe ametoka nje ya ndoa. Wengine humficha mtoto ndani kwa wiki kadhaa kwa kuogopa hilo. Ukitangaza "nyekundu!" mbele ya benchi zima, umemthibitishia hofu yake, na usiku anaweza kutoroka. Mwite pembeni, mwonyeshe utepe, mwambie ni ugonjwa na una tiba.

Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua, kwa kawaida ndani ya wiki moja, mtoto huhamishwa polepole kwenda F-100 au chakula dawa cha karanga, na hapo ndipo ongezeko la uzito linapoanza kutafutwa. Anayetumia F-100 huongezewa chuma wakati huo. Chakula dawa tayari kina chuma ndani yake. Wapo pia watoto wenye nyekundu wasiolazwa kabisa. Mtoto mchangamfu, asiye na homa wala dalili za hatari, anajaribiwa kwa pakiti ya chakula dawa mbele yako; akila vizuri anatibiwa nyumbani na kurudi kliniki kila wiki. Akikataa, alazwe, kwa kuwa kukosa hamu ni dalili ya ugonjwa ulioingia ndani. Wa njano hahitaji maziwa ya tiba, lakini asitoke wodini bila kuandikwa kwenye kadi na kuonwa na afisa lishe.

Mtoto anaruhusiwa kutoka kwenye mpango wa tiba mkono ukifika sentimita 12.5 na bila uvimbe kwa wiki mbili. Siku anapotoka wodini kwenda kuendelea na tiba nyumbani, mpeni mama utepe na mumfundishe kuusoma. Nchini Niger akina mama wa vijijini walifundishwa hivyo katika miaka ya 2010, na vipimo vyao vilikaribiana na vya wahudumu wa afya. Watoto wao walifikishwa kliniki utapiamlo ukiwa bado haujakomaa, na wachache zaidi walihitaji kulazwa.